Nyumbu na Mto Mara: Kinachowafanya Wavuke Kila Mwaka

Nyumbu wa Serengeti hawana makazi ya kudumu. Kuanzia nyanda za nyasi fupi zilizo chini ya milima ya Ngorongoro, kusini, huelekea magharibi na kaskazini hadi Maasai Mara nchini Kenya, kisha hurudi kusini walikotoka. Mzunguko huo huchukua mwaka mzima, na kila nyumbu hutembea zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kuukamilisha. Pamoja nao husafiri pundamilia wapatao laki mbili na swala tomi kwa maelfu mengi. Njiani kuna mito, na mkubwa kuliko yote ni Mara, ambao kila mwaka huua maelfu ya nyumbu. Hata hivyo mwaka unaofuata huuvuka tena, na si mara moja tu.

Idadi yao yenyewe ina mjadala. Hesabu za miaka mingi, zilizofanywa kwa kupiga picha kutoka kwenye ndege, zimekuwa zikitoa takriban milioni 1.3. Hesabu ya picha za setilaiti za mwaka 2022 na 2023 imetoa idadi ndogo zaidi, chini ya 600,000, na wataalamu bado wanabishana ni ipi iliyo karibu na ukweli. Kwa swali la mto tofauti hiyo haibadilishi mengi, kama itakavyoonekana. Jibu la swali hilo halianzii mtoni. Linaanzia kwenye mvua na udongo, mamia ya kilomita kutoka ukingo ambako watalii hupanga magari yao.

Mvua ya Serengeti haigawanyiki sawa. Milima ya Ngorongoro huzuia sehemu kubwa ya unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo nyanda za kusini mashariki, zilizo upande wa pili wa milima hiyo, hupata takriban milimita 500 kwa mwaka, na kwingine pungufu ya hapo. Kadiri mtu anavyoelekea kaskazini magharibi, mvua huongezeka, hadi kufikia zaidi ya milimita 1,000 karibu na Mara, ambako unyevu wa Ziwa Victoria nao huchangia. Kwa hesabu ya mvua peke yake, mnyama mla nyasi angepaswa kukaa kaskazini mwaka mzima na kuusahau upande wa kusini kabisa.

Udongo ndio unaoipindua hesabu hiyo. Nyanda za kusini zimefunikwa na majivu ya volkano yaliyorushwa kwa maelfu ya miaka na milima ya ukanda wa Ngorongoro, ukiwemo Kerimasi ambao umekwisha kuzimika, na Ol Doinyo Lengai ambao bado hulipuka mara kwa mara. Majivu hayo yana madini mengi. Chini yake, kina kisichozidi mita moja hivi, madini yameganda na kufanya tabaka gumu kama saruji ambalo mizizi ya miti haiwezi kulipenya. Ndiyo maana nyanda hizo hazina miti, na nyasi zake ni fupi, mara nyingi zisizofika kifundo cha mguu. Lakini ni nyasi zenye protini nyingi, na zenye kalsiamu na fosforasi kuliko zile ndefu za kaskazini, ambazo hukua haraka kwa mvua nyingi, hugeuka mashina makavu, na kumjaza mnyama tumbo bila kumpa kinachomtosha.

Hivyo nchi moja ina ncha mbili zinazopingana. Kusini chakula ni bora lakini ni cha msimu. Kaskazini chakula ni hafifu lakini kipo hata kiangazi, na maji yapo. Nyumbu huhama kwa sababu hakuna ncha hata moja inayoweza kumlisha miezi kumi na miwili. Kwa faida ya mahesabu, watafiti wamewahi kuiga safari hiyo kwenye kompyuta kwa kutumia ramani za mvua na za ukijani wa nyasi tu, bila kuiwekea nyumbu kumbukumbu yoyote ya njia. Mizunguko iliyotokea ilifanana sana na ile halisi, na mvua ilibeba uzito mkubwa kuliko nyasi zenyewe.

Mwaka wa nyumbu unaweza kuhesabiwa kuanzia mwezi Februari, wakati wa kuzaa. Wakati huo karibu kundi lote liko kusini, kati ya Ndutu, vilima vya Gol na mpaka wa Ngorongoro. Majike wengi sana, takriban wanane kati ya kila kumi wenye mimba, huzaa ndani ya wiki tatu hivi. Ndama husimama dakika chache baada ya kuzaliwa, na siku hiyohiyo huweza kukimbia na mama yake. Fisi, simba na duma wanajua msimu huo, na wanakula. Lakini tumbo la fisi lina kikomo. Ndama laki kadhaa wanapozaliwa kwa pamoja, wawindaji wote wa eneo hilo hushiba na bado walio wengi hupona, ilhali ndama anayezaliwa mapema au kuchelewa hukutana na wawindaji wenye njaa akiwa karibu peke yake. Nyanda zisizo na kichaka nazo husaidia, kwa kuwa simba hana pa kujificha.

Sababu kubwa ya kuzalia hapo, hata hivyo, ni maziwa. Jike anayenyonyesha huhitaji fosforasi na kalsiamu nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake, kwa sababu mifupa ya ndama hujengwa kutokana na kile anachokula yeye. Vipimo vya nyasi vimeonyesha kwamba za nyanda za kusini hutosheleza mahitaji hayo, na kwamba za kaskazini kwa kawaida hazifiki. Ndiyo sababu nyumbu hurudi kusini mara tu mvua za vuli zinapoanza, hata pale ambapo kaskazini bado kuna nyasi za kutosha kwa macho.

Wamaasai, ambao mifugo yao imechangia nyanda hizo na nyumbu kwa vizazi vingi, wana sababu yao ya kuufuatilia msimu huo kwa makini. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichomdhuru yeye lakini kinachomuua ng'ombe, na wafugaji huondoa ng'ombe wao kwenye nyasi fupi wakati wa kuzaa, ingawa ni malisho mazuri kuliko wanakokwenda.

Masika yanapokwisha, mwezi Mei, kusini hukauka kwa kasi ya ajabu. Udongo wa majivu haushiki maji kwa muda mrefu, mabwawa hufyonzwa na jua, na maji yanayobaki katika maziwa madogo kama Ndutu yana chumvi na magadi kiasi cha kutonyweka. Nyumbu hawezi kukaa mbali na maji kwa muda mrefu. Kiangazi anahitaji kunywa kila siku au kila baada ya siku moja. Nyasi zinaweza kuwa bado zipo, lakini bila maji hazina faida kwake. Kundi huanza kusogea kuelekea Seronera na Ukanda wa Magharibi, likiwa limetanda kwa makumi ya kilomita, huku madume wakipigana na kupandana na majike njiani. Mimba hukaa zaidi kidogo ya miezi minane, na hivyo upandaji wa Mei na Juni ndio unaorudisha uzazi mwezi Februari.

Hapa swali la kwa nini hukusanyika linapata jibu la kwanza. Kukusanyika hakutokani na mpango. Kila nyumbu anatafuta nyasi fupi na mbichi zilizo karibu na maji, na kwa kuwa mvua za mwisho wa masika hunyesha vipande vipande, mahali pazuri ni pachache na wote hupafikia. Anayefika kwanza hupafanya pawe pazuri zaidi kwa mwenzake: nyasi zinazolishwa mara kwa mara hubaki fupi na kuchipua upya, na mbolea inayoachwa huzirutubisha. Pundamilia hutangulia, hukata mashina marefu yasiyomfaa nyumbu, na kumfungulia majani ya chini. Swala tomi hufuata nyuma na kula machipukizi yanayoota baada ya nyumbu kupita.

Jibu la pili ni usalama. Katika kundi la elfu moja, simba anayevamia atamkamata mmoja, na nafasi ya kila mnyama kuwa huyo mmoja ni ndogo. Macho pia ni mengi. Jibu la tatu halionekani kwa urahisi lakini ndilo linaloeleza tabia ya ukingoni: nyumbu mmoja hana habari za kutosha kuhusu mvua ilikonyesha, ila wenzake kwa pamoja wanazo zaidi. Kumfuata jirani, kwa wastani wa miaka mingi, humfikisha penye nyasi mara nyingi kuliko kutangatanga peke yake. Kundi la nyumbu halina kiongozi. Lina wanyama wanaoangaliana, na hata miguu yao ya mbele ina tezi zinazoacha harufu ardhini, ambayo wanaofuata huinusa.

Mto Grumeti, katika Ukanda wa Magharibi, hukutana na baadhi ya makundi kati ya Mei na Julai. Una mamba wakubwa, lakini kiangazi mara nyingi hubaki madimbwi yaliyotengana, na wanyama wengi hupita kati yake. Mtihani wenyewe uko kaskazini.

Mto Mara huanzia milima ya Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara, huingia Tanzania, na kumwagika Ziwa Victoria upande wa Musoma. Urefu wake ni karibu kilomita 400. Kaskazini ya Serengeti ndio mto pekee usiokauka, na hilo ndilo linalowavuta nyumbu kuja kwake. Lakini haupiti pembeni ya malisho ya kiangazi. Unayakata katikati. Ndani ya Tanzania yenyewe kuna nchi ya Lamai, kaskazini ya mto na kusini ya mpaka, na upande wa pili wa mto kuna nyanda za Kogatende. Ndani ya Kenya mto unaligawa eneo la Mara vilevile, kati ya Pembetatu ya Mara upande wa magharibi na hifadhi iliyobaki upande wa mashariki.

Kwa hiyo picha ambayo watu wengi wanayo, ya nyumbu kuvuka mto kutoka Tanzania kuingia Kenya na kurudi baada ya miezi mitatu, si sahihi. Mpaka wa nchi hizo mbili ni mstari ulionyooka katikati ya mbuga, na nyumbu huupita bila maji yoyote. Mto ni jambo jingine. Kuanzia Julai hadi Oktoba, mvua za radi hunyesha hapa leo na pale wiki ijayo. Kundi linalomaliza nyasi za Kogatende huvuka kwenda Lamai. Mvua ikinyesha Kogatende siku chache baadaye, nyasi huchipua, na kundi hilohilo linaweza kurudi. Nyumbu mmoja huweza kuvuka mara kadhaa katika msimu mmoja. Mtalii anayeshangaa kuona kundi likivuka kuelekea kusini mwezi Agosti, wakati vitabu vya mwongozo vinasema liko njiani kwenda kaskazini, hajaona kosa la nyumbu.

Kuna mahali fulani ambapo huvukia mwaka hadi mwaka, na si kwa sababu ni salama kupita pengine. Ni mahali ambapo ukingo umeporomoka kiasi cha kushukika, na ambapo kwato za miaka mingi zimechimba njia pana zinazoonekana hata kutoka angani. Njia hizo huwaelekeza wanyama majini, lakini hazisemi lolote kuhusu upande wa pili. Kivuko chenye mteremko mzuri wa kuingilia kinaweza kuwa na ukuta wa udongo wa mita kadhaa wa kutokea.

Kundi likifika ukingoni, jambo la kwanza linalotokea mara nyingi ni kutotokea jambo lolote. Wa mbele husimama, hunusa maji, hurudi nyuma; wengine hutokea nyuma yao na kuwasukuma. Idadi huongezeka kutoka mamia hadi maelfu. Saa zinapita. Mlio wa ndege, kichaka kinachotikisika au gari lililosimama karibu na kivuko hutosha kuwatawanya wote, na huenda wasijaribu tena siku hiyo. Baada ya kutawanyika huanza upya kutoka mwanzo, wakati mwingine kwenye kivuko kingine kilomita moja juu au chini. Si woga usio na maana. Hatari zote ziko kwenye kuwa wa kwanza: mamba bado hawajala, simba bado wamejificha vichakani, na kina cha maji hakijapimwa.

Kisha mmoja huingia. Mara nyingi ni pundamilia, mara nyingine ni nyumbu aliyesukumwa tu akakosa pa kusimama. Tangu hapo hali hugeuka kabisa. Kwa anayefuata, kubaki nyuma ndiko kunakokuwa hatari, kwa sababu kundi linamwacha, na mnyama aliyeachwa peke yake ukingoni ni chakula cha simba. Wale waliokataa maji kwa saa tano huyarukia kwa sekunde, wakishuka kwenye mteremko kwa kasi ambayo haiwezi tena kuzuiwa. Uvukaji unaweza kuisha ndani ya dakika chache au kuendelea kwa saa nzima, kutegemea urefu wa foleni iliyo nyuma. Ukikatizwa katikati, majike hupotezana na ndama wao, ambao kwa wakati huo wana miezi mitano hadi saba, na baadhi huogelea kurudi kuwatafuta.

Watu wengi hudhani mamba ndio wauaji wakuu. Mamba wa Mara ni wakubwa kweli, wengine wakifika mita tano, na hungoja msimu huu kwa miezi. Lakini mamba ni mnyama wa damu baridi. Akishashiba hahitaji kula tena kwa muda mrefu, na kundi likija kwa maelfu anaweza kumkamata mmoja huku mamia wakimpita pembeni. Kinachoua wengi ni maji na msongamano. Nyumbu huogelea vizuri, ila akifika upande wa pili na kukuta ukuta wa udongo, hana pa kwenda. Walio nyuma bado wanakuja. Hali huwa kama ya uwanja wa mpira ambao watu wote wanatokea kwenye lango moja lililofungwa: walio mbele hukanyagwa, huzama, na miili yao huzidi kuziba njia.

Hatari huongezeka mto ukiwa umejaa, na hapo kuna mtego ambao nyumbu hana njia ya kuutambua. Kina cha Mara hakitegemei mvua ya pale alipo. Mvua kubwa ikinyesha Mau, zaidi ya kilomita mia moja juu, maji huweza kupanda huku chini jua likiwaka na nyasi zikiwa kavu. Kivuko kilichokuwa cha magoti juzi huwa cha kuogelea leo, chenye mkondo unaowapeleka wanyama chini ya sehemu ya kutokea, hadi kwenye kingo zisizopandika.

Watafiti Amanda Subalusky na Christopher Dutton, waliokuwa Chuo Kikuu cha Yale, walikusanya kumbukumbu za uzamaji huo katika Mara kati ya 2001 na 2015, kisha wakahesabu mizoga wenyewe katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kwamba uzamaji wa halaiki si ajali ya nadra. Ulitokea karibu kila mwaka, kwa wastani zaidi ya mara nne kwa mwaka, na wastani wa mizoga ulikuwa takriban 6,250 kila mwaka, yenye uzito wa karibu tani 1,100. Mwaka 2007 ulikuwa mbaya kuliko kawaida: maelfu walikufa katika siku chache.

Kilichofuata baada ya vifo ndicho walichotaka kukijua hasa. Tumbusi na kongoti hutua kwa mamia kwenye mizoga iliyokwama kwenye miamba, lakini wao pamoja na mamba humaliza sehemu ndogo tu. Nyama iliyobaki huoza ndani ya wiki chache na kuyarutubisha maji, na samaki huila. Mizoga inapokuwepo, hutoa kati ya theluthi moja na nusu ya chakula cha samaki waliochunguzwa. Mifupa hukaa mtoni kwa takriban miaka saba, ikiachia fosforasi polepole, na utando unaoota juu yake huliwa na samaki miezi mingi baada ya nyama kwisha. Fosforasi hiyo ni ileile iliyotoka kwenye majivu ya volkano ya kusini, ikaingia kwenye nyasi, ikawa mfupa wa ndama.

Vifo 6,250 ni vingi kwa anayeviona. Kwa kundi la milioni 1.3 ni takriban nusu ya asilimia moja. Hata kama hesabu ndogo ya setilaiti ndiyo sahihi, bado ni kiasi kinachozidi asilimia moja kidogo tu. Swali la kwa nini nyumbu wanathubutu kuvuka linapaswa kulinganisha kiasi hicho na kinachowapata wasipovuka.

Jambo hilo lilipimwa na Simon Mduma, mtafiti Mtanzania, akiwa na wenzake Anthony Sinclair na Ray Hilborn, katika kazi iliyotumia kumbukumbu za miaka arobaini na kuchapishwa 1999. Njia mojawapo ya kujua kilichomuua nyumbu ni kuvunja mfupa wa mguu na kutazama uboho. Mnyama mwenye afya ana uboho mweupe, mgumu, wenye mafuta. Mnyama anayekosa chakula hutumia kwanza mafuta ya chini ya ngozi, kisha ya kuzunguka figo, na mwisho kabisa yale ya ndani ya mifupa. Uboho wake huwa wa majimaji, unaopitisha mwanga. Hivyo hata mzoga ulioliwa na simba unaweza kueleza kama simba alimuua mnyama mzima au alimmalizia aliyekuwa anakufa. Walipojumlisha yote, takriban robo tatu ya vifo vilitokana na lishe duni, na vingi vilitokea kiangazi. Wawindaji, mto na mengineyo yaligawana kilichobaki.

Ushahidi mwingine wa jambo hilohilo ulitolewa na ugonjwa. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuangamiza ng'ombe, nyati na nyumbu. Baadaye iliendelea kuua ndama wa nyumbu kila mwaka kwa miongo mingi, ikiambukizwa kutoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maeneo yanayozunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu mwaka 1963. Mwaka 1961 walikuwa kama 260,000. Kufikia 1977 walikuwa wamezidi milioni 1.3. Wakati wote huo mto ulikuwepo, mamba walikuwepo, simba walikuwepo, na hakuna kati yao aliyeweza kuzuia ongezeko. Lililozuia ni kiasi cha nyasi za kiangazi. Mwaka 1993 ukame mkali ulipolikumba eneo hilo, kundi lilipungua hadi kama 900,000, kisha likapanda tena mvua ziliporudi. Mto haujawahi kufanya hivyo.

Kwa mtazamo huo uvukaji unaeleweka. Nyumbu anayesimama mbele ya mto, akiwa na nyasi zilizokwisha nyuma yake, ana uwezekano mdogo wa kufa majini na uwezekano mkubwa zaidi wa kudhoofika akibaki. Hafanyi hesabu hiyo kichwani. Waliokuwa na tabia ya kubaki waliacha ndama wachache kuliko waliovuka, kwa vizazi vingi, na tabia iliyobaki ndiyo inayoonekana leo.

Kwamba si upofu wa silika kunathibitishwa na nyumbu wasiohama. Ndani ya Kreta ya Ngorongoro wapo maelfu ambao wengi wao hukaa humo mwaka mzima. Ni nyumbu walewale kwa aina, na ukuta wa kreta una njia za kutokea. Lakini sakafu ya kreta ina udongo wa volkano kama wa nyanda za kusini, na pia ina vijito na mabwawa yanayolishwa na misitu ya ukingo wake. Ncha mbili ambazo Serengeti imezitenganisha kwa zaidi ya kilomita mia mbili, kreta inazo pamoja. Wanaokaa humo wanapata walichohitaji bila kusafiri. Hata hivyo nafasi ni ndogo, na idadi yao haifiki hata sehemu ya hamsini ya wanaohama kwa hesabu ya kawaida. Kuhama ndiko kunakoruhusu wingi: kundi likiondoka kusini kwa nusu mwaka nyasi hupumzika, na simba na fisi wenye watoto wadogo hawawezi kulifuata kokote linakokwenda.

Kinachotokea njia ikikatwa kilionekana Kenya. Kundi jingine la nyumbu lilikuwa likizalia nyanda za Loita, kaskazini mashariki ya Maasai Mara, na kuingia Mara wakati wa kiangazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya nyanda hizo iligeuzwa mashamba ya ngano. Kundi lililozidi 100,000 lilishuka hadi chini ya 40,000 ndani ya miaka ishirini hivi. Hakuna aliyewagusa katika malisho yao ya kiangazi, wala mto haukuwa umebadilika. Walipoteza mahali pa kunyonyeshea ndama, na hiyo ilitosha.

Mvua za vuli huanza Oktoba mwishoni au Novemba. Mawingu hukusanyika juu ya nyanda za kusini, na makundi huteremka kupitia Lobo na upande wa mashariki, yakienda haraka kuliko yalivyopanda. Walio ng'ambo ya Mara wakati huo lazima wavuke mara ya mwisho, mara nyingi mto ukiwa umejaa. Mvua ikichelewa, kundi husubiri. Ikianza kisha ikakatika, hufika nusu ya njia na kurudi kaskazini, jambo ambalo si la ajabu katika miaka mibaya.

Msukosuko unaowatia wasiwasi wataalamu kwa sasa uko juu zaidi, kwenye chanzo. Ukataji wa misitu ya Mau na matumizi ya maji kwa kilimo katika vijito vya Nyangores na Amala vinaufanya Mara ufurike kwa ghafla zaidi wakati wa mvua na upungue zaidi wakati wa kiangazi. Mafuriko ya ghafla huongeza uzamaji, lakini kwa nyumbu upungufu ndio mbaya zaidi. Kaskazini ya Serengeti hakuna mto mwingine wa kudumu, na kiangazi kirefu kama cha 1993 kikikutana na Mara uliokauka, malisho yote ya kaskazini yatakuwa mbali na maji kwa wakati uleule ambao kusini hakuna kitu.